Ufunguo Si Umiliki: Kumjua Mwenye Nyumba wa Kweli Arua na Koboko Kabla Hujatoa Pesa

Mtu akikufungulia mlango wa nyumba kule Mvara, akakuonyesha sebule, jiko na tangi la maji lililoko nyuma, amekuthibitishia jambo moja tu: kwamba ufunguo anao. Hajathibitisha kwamba nyumba ni yake, wala kwamba aliyejenga anamjua. Katika miji yetu hii miwili ufunguo mmoja hupita mikono mingi. Mwenye nyumba anao, mtoto wake anao, mwangalizi aliyeachiwa nyumba anao, dalali ameazima wa kuonyeshea wateja, na mpangaji anayehama bado hajarudisha wake. Wote hao wataufungua mlango kwa mkono uleule mtulivu, na wote watakuambia, "Karibu, ndani pako hapa."

Ninawaandikia hasa wale wanaofika Arua au Koboko wakiwa na Kiswahili lakini hawana Kilugbara, Kikakwa wala Kinubi: mfanyabiashara kutoka Ariwara au Bunia, mzazi anayeleta watoto shule, kijana wa Nairobi au Kampala aliyepata kazi na shirika la misaada, familia iliyotoka kambini kutafuta maisha mjini. Watu hawa hufika na haraka na pesa taslimu, na anayewapokea stendi kwa Kiswahili kizuri huwa ni dalali. Kwa hiyo maelezo yote kuhusu nyumba wanayapata kutoka kinywa kimoja, na kinywa hicho kinalipwa siku nyumba itakapochukuliwa.

Ushauri unaosikika Kampala ni mfupi: omba hati ya ardhi, kaihakiki, basi. Huku hautoshi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inatambua aina nne za umiliki wa ardhi, na katika West Nile sehemu kubwa ya ardhi iko chini ya umiliki wa kimila. Ni ardhi ya familia na ukoo, inayojulikana kwa mipaka ya miti na kumbukumbu za wazee kuliko kwa karatasi. Nyumba nzuri ya matofali yenye umeme inaweza kuwa imesimama kwenye kiwanja ambacho hakijawahi kupimwa, na mwenye nyumba akawa mkweli kabisa. Historia nayo imechangia. Baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan, wakarudi miaka ya baadaye na kukuta mambo yamebadilika. Ukiona ndugu wawili wanagombania kiwanja leo, mara nyingi mzizi wa ugomvi ni mrefu kuliko umri wao.

Basi usianze na swali la "hati iko wapi?" Anza na hili: siku ikitokea tofauti kuhusu nyumba hii, ni nani hasa mwenye haki ya kuniambia nitoke? Huyo ndiye unayepaswa kukubaliana naye, au na mtu aliyemtuma kwa njia inayoonekana. Kila hatua hapa chini ni namna ya kulijibu swali hilo.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano nilioutunga kutokana na mambo yanayotokea huku. Mama mmoja ametoka Bunia na watoto watatu. Dalali anamwonyesha nyumba ya vyumba viwili na sebule upande wa Awindiri, Arua. Ndani ya uzio kuna pia vyumba vinne vya nyuma, vile vya mlango mmoja mmoja, na vyote vina wapangaji. Anayefungua ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mstaarabu. Anasema, "Nyumba ni ya baba. Mzee yuko Juba kwa biashara, mimi ndiye ninayesimamia." Kodi ni shilingi 300,000 kwa mwezi, miezi mitatu mbele, jumla 900,000. Dalali anataka 300,000 yake. Kijana anaongeza kwamba kuna mtu mwingine anakuja saa kumi jioni na pesa mkononi.

Mama afanye nini? Kwanza asilipe, hata ile "pesa kidogo ya kushikilia nyumba". Pesa ya kushikilia ndiyo chambo kinachotumika zaidi, kwa sababu mtu akishatoa 100,000 anaanza kuitetea nyumba badala ya kuichunguza. Dalali apewe nauli ya boda kama amezunguka naye, na aambiwe kwa heshima kwamba ujira wake utalipwa siku mwenye nyumba atakapotia sahihi. Dalali mwaminifu hulikubali hilo, kwa sababu mtaa anaofanyia kazi ni uleule na jina lake ndilo duka lake. Anayekasirika ameshakufundisha kitu.

Pili, ajibu habari ya mtu wa saa kumi kwa kusema, "Akija mkubaliane naye, mimi nitarudi kesho." Kweli, unaweza kuikosa nyumba. Lakini kukosa nyumba ni hasara ya siku mbili za kutafuta, na laki tisa kwa familia inayohama ni hasara ya mwaka mzima.

Rudi bila dalali

Jioni, watu wanapokuwa nyumbani, rudi peke yako au na mtu anayejua lugha ya mtaa. Salimia kwanza, kaa kidogo, sema kwamba unafikiria kuhamia hapo. Kisha uliza, lakini chagua maswali. Ukimuuliza jirani "Huyu kijana ndiye mwenye nyumba?" utapata jibu la adabu, kwa sababu hakuna anayetaka kumharibia mtu riziki mbele ya mgeni. Uliza mambo ambayo mtu hujibu bila kufikiri kwamba anatoa ushahidi. Wapangaji wa nyuma wanampelekea nani kodi? Choo kilipojaa mara ya mwisho, nani aliita gari la kunyonya? Paa lilipovuja, nani alileta fundi? Mwenye nyumba anaitwa nani, na ni mtu wa wapi? Aliyekuwa akikaa nyumba hii ya mbele ameondoka lini, na kwa nini?

Mpokea kodi na mlipa fundi ndio mwenye nyumba anayeonekana kwa macho ya mtaa. Uliza watu watatu wasiokaa pamoja, kwa mfano mpangaji wa nyuma, mama anayeuza mkaa ng'ambo ya njia, na vijana wa stendi ya boda iliyo karibu. Majina yakilingana, umesogea. Yasipolingana, usihukumu bado, maana baba, mjomba na mume wanaweza wote kuitwa wenye nyumba na watu tofauti. Ila sasa unajua kuna jambo la kufuatilia.

Katika mfano wetu, mpangaji wa chumba cha tatu anasema jambo ambalo kijana hakulisema: "Mzee? Mzee tulimzika. Kodi tunampelekea Mama, anakaa Oli." Muuza mkaa anasema vivyo hivyo, na anaongeza kwamba yule kijana kweli ni mtoto wa marehemu, wa mke mkubwa.

Tazama jinsi uongo ulivyokuwa mdogo. Kijana si tapeli aliyeshuka kwenye basi. Ni mtoto wa nyumba, ufunguo ni halali mkononi mwake, na jirani yeyote akiulizwa "Unamfahamu?" atasema ndiyo. Alichobadilisha ni kumfanya baba aliyekufa aonekane yuko Juba. Mambo mengi ya Arua na Koboko yana sura hii. Watu huogopa tapeli mgeni mwenye hati ya kughushi, lakini hatari ya karibu zaidi ni ndugu mmoja anayeuza kisicho chake peke yake.

Hatari nyingine ya karibu ni mpangaji anayehama. Huyu anajua kila kona ya nyumba, hata swichi ipi haiwaki. Anakaribisha watu wanne kwa siku mbili, anachukua pesa ya kila mmoja, kisha anahama usiku. Dalili zake ni hizi: anataka umwone akiwa peke yake, mchana watu wakiwa kazini, vyombo vyake bado vimo ndani, kodi anayotaja ni ya chini kuliko ya nyumba za jirani, na hataki uzungumze na watu wa uzio. Swali la nani anapokea kodi ya vyumba vya nyuma humfichua palepale.

Mwenyekiti wa LC1, na kile asichoweza kukuthibitishia

Asubuhi nenda kwa mwenyekiti wa LC1 wa mtaa huo. Nenda mwenyewe. Usikubali kuunganishwa naye kwa simu na dalali, kwa sababu sauti inayosema "mimi ndiye chairman" inaweza kuwa ya yeyote. Uliza dukani au stendi ya boda, "Kwa chairman ni wapi?" Watu watakuonyesha. Arua, tangu iwe jiji tarehe 1 Julai 2020, ina divisheni mbili, Arua Central na Ayivu, na mitaa yake inagusana bila alama. Hakikisha basi kwamba mwenyekiti unayekwenda kwake ndiye anayesimamia upande ule nyumba iliko. Ukiwa maeneo ya Oli, pale kwenye kata zenye majina ya Tanganyika, Kenya na Pangisha, kuvuka njia moja tu kunaweza kukuingiza kwa mwenyekiti mwingine.

Una sababu nzuri ya kwenda: mgeni anayehamia mtaani anatarajiwa kujitambulisha. Beba kitambulisho chako, iwe cha taifa, pasipoti au karatasi za ukimbizi, umweleze unatoka wapi na nyumba unayoitaka. Kisha uliza nani anatambuliwa mtaani kuwa mwenye nyumba ile, kama yuko hai, anakaa wapi, na kama kuna kesi au ugomvi wowote uliowahi kuletwa kwake kuhusu kiwanja hicho. Swali hili la mwisho ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, kwa sababu ugomvi wa ardhi huanzia barazani kwa LC kabla haujafika mahakamani.

Lakini elewa mipaka. Mwenyekiti wa LC1 hatoi umiliki wala hatunzi daftari la hati. Muhuri wake kwenye barua unasema kwamba anamfahamu mtu fulani kama mkazi, hausemi kwamba kiwanja ni cha mtu huyo. Muhuri wenyewe huchongwa kwa pesa ndogo, kwa hiyo barua yenye muhuri aliyokuja nayo dalali mfukoni haina uzito. Uzito uko katika mwenyekiti kuketi nanyi, wewe na mwenye nyumba, akamtambua kwa uso. Akiomba ada kidogo ya barua au ya kushuhudia makubaliano, omba iandikwe, ulipe, ni kazi yake. Na ukiona mwenyekiti na dalali wanazungumza kama washirika wa biashara moja, tafuta mjumbe mwingine wa kamati ya LC1 umsikie naye.

Mwenyekiti wa mfano wetu anathibitisha: mzee alifariki, ameacha wake wawili na watoto, na familia ilishakaa kikao mbele yake. Mjane mdogo ndiye aliyekwenda mahakamani.

Mwenye nyumba akiwa amefariki

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo wapangaji wengi wa nia njema huumia. Kwa sheria ya mirathi ya Uganda, mtu akifa bila wosia, mtoto hawi msimamizi wa mali kwa sababu tu ni mtoto wa kwanza au kwa sababu anakaa karibu. Anayesimamia ni yule aliyepewa na mahakama barua za usimamizi wa mirathi. Na kama wosia ulikuwepo, ni yule aliyetajwa ndani yake na kuthibitishwa na mahakama. Arua ina Mahakama Kuu, na mali isiyo ya thamani kubwa hushughulikiwa na mahakama za mahakimu. Kwa hiyo karatasi ya kuomba kuiona ina muhuri wa mahakama, jina la marehemu, jina la msimamizi au wasimamizi, na namba ya shauri. Wakiwa wawili, wote wawili watie sahihi kwenye makubaliano yako.

Familia nyingi huku hazijaenda mahakamani kabisa. Wanaishi kwa makubaliano ya kikao cha ukoo, na pengine kuna kumbukumbu ya kikao iliyoandikwa kwenye daftari la shule. Sitakuambia uikimbie kila nyumba ya namna hiyo, maana ungebaki bila pa kulala. Ila ukiichukua, chukua kwa masharti: lipa mwezi mmoja mmoja tu, na kwenye karatasi waweke sahihi mjane, angalau mtoto mmoja mkubwa wa kila upande wa familia, na mzee wa ukoo, mbele ya LC1. Wakikataa kukaa meza moja kwa ajili ya karatasi ya kurasa mbili, ugomvi wao utakujia wewe mlangoni.

Na hata mwenye nyumba akiwa hai, ukipangishwa sehemu ya uzio ambamo familia yake yenyewe inaishi, mke wake pia atie sahihi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho yake, inataka ridhaa ya mume au mke kabla ardhi ya familia haijauzwa au kukodishwa. Hata pale unapodhani upangaji wa mwezi hadi mwezi ni jambo dogo, sahihi ya mama mwenye nyumba inakuondolea neno la "mimi sikuambiwa".

Mwenye nyumba akiwa mbali

Koboko jambo hili ni la kila siku. Wakakwa wanaishi pande zote tatu za mpaka, Uganda, Sudan Kusini na Kongo, na mji uko karibu kabisa na mipaka yote miwili. Mwenye nyumba anaweza kweli kuwa Juba au Yei, au ng'ambo upande wa Kongo, na nyumba ameiacha kwa mpwa. Kwa hiyo "mzee yuko Juba" si lazima iwe uongo. Inahitaji tu kupimwa.

Msimamizi wa kweli anaweza kuonyesha jinsi alivyotumwa. Bora kuliko yote ni hati ya uwakilishi iliyotiwa sahihi na mwenye mali mbele ya wakili na kusajiliwa. Kwa nyumba za kawaida hutaikuta, basi omba barua fupi yenye jina la mwenye nyumba, nakala ya kitambulisho chake, jina la msimamizi, mahali nyumba ilipo, na maneno yanayosema wazi kwamba anaruhusiwa kupangisha na kupokea kodi. Kuangalia nyumba na kupokea kodi ni mamlaka mawili tofauti. Wengi walipewa la kwanza, wakajitwalia la pili.

Kisha mpigie mwenye nyumba kwa simu ya video, ukiwa umeketi na mwenyekiti wa LC1 au jirani mzee anayemjua kwa sura. Namba ya simu uipate kwa jirani au kwa LC1, usiipokee kwa msimamizi. Wamsalimie wao kwanza kwa lugha yao. Ukisikia wanaulizana habari za watoto na za mashamba, umepata uthibitisho ambao karatasi haiwezi kukupa. Mwenye nyumba ataje mwenyewe kodi ni kiasi gani na ilipwe kwa nani. Nyumba ikisimamiwa na kampuni, omba jina lake kamili lililosajiliwa na barua ya mkataba wake na mwenye nyumba, kwa sababu kampuni iliyosajiliwa vizuri nayo inaweza kupangisha nyumba ambayo haikukabidhiwa.

Karatasi zinazosaidia

Ukichukua chumba kimoja cha 80,000 kwa mwezi, usitegemee kuonyeshwa hati ya ardhi, na usimlaumu mwenye nyumba akikataa. Hatua za majirani na LC1 zinatosha kwa pesa hiyo. Ukichukua nyumba nzima, duka au ghala, na unatakiwa kulipa mamilioni, uliza kama kiwanja kina hati. Ikiwapo, andika namba zilizomo: kitabu na folio, namba ya kiwanja, na jina la mmiliki. Wizara ya Ardhi ina ofisi ya kanda Arua, na huko unaweza kuomba upekuzi wa daftari kwa ada ya serikali. Wizara ina pia mfumo wa mtandaoni unaoitwa UgNLIS. Usiamini nakala ya hati uliyoonyeshwa, linganisha na kilichomo kwenye daftari. Angalia mambo mawili: jina la mmiliki, na sehemu ya vizuizi, yaani kama hati imewekwa rehani benki au kuna mtu ameweka pingamizi. Kiwanja kilicho rehani si uongo wa mwenye nyumba, lakini mkopo ukimshinda unaweza kuamka siku moja na kukuta benki ndiyo inayokuambia utoke.

Kwenye ardhi ya kimila, wachache wana cheti cha umiliki wa kimila. Wengine wana makubaliano ya ununuzi yaliyoandikwa kwa mkono, yenye majina ya muuzaji, mnunuzi, majirani wa mipaka na mashahidi. Huo nao ni ushahidi. Soma majina ya majirani wa mipaka, kisha nenda kwa mmoja wao.

Kuna karatasi nyingine mbili za kawaida ambazo watu husahau. Nyumba za kupangisha zilizo ndani ya jiji la Arua na manispaa ya Koboko hutozwa kodi ya majengo na halmashauri, wakati nyumba anayokaa mwenyewe mmiliki imesamehewa. Ankara au risiti yake ina jina. Bili ya maji ya Shirika la Taifa la Maji nayo ina jina la mteja. Hakuna hata moja inayothibitisha umiliki, na bili inaweza bado kubeba jina la aliyeuza nyumba miaka kumi iliyopita. Lakini majina hayo yakilingana na uliyosikia mtaani, una uzi mmoja usiokatika. Yakitofautiana, uliza, na usikilize kama jibu linakuja kwa urahisi.

Siku ya kulipa

Mama wa mfano wetu amefika kwa mjane Oli siku ya tatu. Mjane ametoa barua za usimamizi, na zina jina lake. Anasikitika kuhusu kijana, anasema atazungumza naye kama mzazi. Wanakubaliana 300,000 ileile. Sasa inabaki kulipa, na hata hapa kuna kipimo.

Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka makubaliano yenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi yawe ya maandishi. Inakataza pia mpangaji kudaiwa zaidi ya kodi ya miezi mitatu mwanzoni. Miezi mitatu ya mama huyu ni 900,000, kwa hiyo karatasi ni lazima. Iandikwe kwa lugha anayoisoma kila mmoja, itaje nyumba kwa namna isiyochanganywa na nyingine, majina kama yalivyo kwenye vitambulisho pamoja na namba zake, kiasi, muda, na kwa nafasi gani anayepokea anapokea: mmiliki, msimamizi wa mirathi, au mwakilishi wa fulani. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yatakayokutetea. LC1 atie sahihi kama shahidi akiwapo, siyo kupelekewa baadaye.

Lipa kwa simu au benki, usilipe taslimu. Kwa MTN ukitumia *165#, au Airtel ukitumia *185#, kabla ya kuweka namba ya siri utaoneshwa jina ambalo namba ya mpokeaji imesajiliwa kwalo. Simama hapo. Lisome jina kwa sauti, ulilinganishe na kitambulisho. Likiwa jina lingine, ghairi, hata ukiambiwa ni simu ya shemeji. Kama ni kweli shemeji ndiye anayepokea, liandikwe kwenye makubaliano kwanza. Ujumbe wa uthibitisho usiufute, na risiti ya karatasi uiombe hata hivyo.

Ukisoma haya ukiwa tayari umelipa mtu asiye sahihi, usipoteze siku ukimpigia simu ya kumbembeleza. Pigia huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja, omba muamala uzuiwe kama pesa haijatolewa. Nenda polisi na ujumbe wa muamala, namba ya simu, picha na majina ya waliokuwepo, ukaombe namba ya kumbukumbu ya kesi. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni jinai ambayo sheria ya Uganda inaiwekea kifungo cha hadi miaka 5. Na mjulishe LC1, kwa sababu pengine wewe si wa kwanza wiki hiyo, na malalamiko ya watu watatu huenda haraka kuliko ya mmoja.

Mama amelipa. Amekabidhiwa funguo mbili na mjane, na kijana naye ameitwa akarudisha yake. Jioni hiyohiyo, kwa ruhusa ya mwenye nyumba, fundi amebadilisha kitasa cha mlango wa mbele na kuweka kufuli jipya la lango dogo, kwa sababu hakuna anayejua ule ufunguo wa zamani ulichongwa mara ngapi.